Shimo Katikati ya Barua

Mtaani walimwita Timazi, na jina hilo alilipata kwa ubishi. Kwa miaka arobaini alijenga kuta za watu, na hakuna ukuta aliouacha kabla ya kuuteremshia timazi, ile kamba yake yenye chuma kizito mwishoni, akafumba jicho moja, akatazama. Mwenye nyumba akisema, "Inatosha, fundi," yeye hujibu, "Inakutosha wewe. Ukuta bado haujasema." Shule alijenga nne. Ya kusomea hakupata hata moja. Jina lake anaweza kuliandika, tena polepole, kama mtu anayepanda ngazi mbovu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alifariki miezi minane kabla ya mambo haya. Timazi hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini baada ya msiba hata hayo machache yakawa ya kuokota. Waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Tumeshapoa," wakaondoka wakijua hajapoa. Kitandani bado alilala upande wake uleule, na upande wa pili shuka lilibaki limenyooka. Cherehani ilikaa dirishani, imefunikwa kitambaa, na ole wake aliyeweka kikombe juu yake.

Katika mfuko wa shati alitembea na vifuko viwili vya nguo, kila kimoja si kikubwa kuliko kiganja. Kimoja kilishonwa kifungo cheupe, cha pili cheusi. Cheupe ni asubuhi, cheusi ni jioni. Mkewe alivishona vya kuwekea dawa zake mwenyewe za moyo. Sasa vilibeba vidonge vya presha vya Timazi, na kila wiki binti yao alivijaza.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba. Kaka zake wawili walikuwa mbali na familia zao. Timazi alimwita Mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Alikuwa mfamasia katika hospitali kubwa, miaka sita sasa akisimama kwenye dirisha la dawa, na baada ya msiba alihamisha begi lake akarudi kuishi kwa baba yake. Alisema ni kwa sababu ya ukaribu na kazi. Timazi alijua si kweli. Alinyamaza, maana alimtaka arudi.

Kitu kimoja tu ndicho binti alichokitaka. Alitaka kusoma shahada ya uzamili, somo la usalama wa dawa, katika chuo kilichoko mbali. Mwaka uliopita aliomba, wakamkatalia kwa mistari miwili. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu hospitali ilitoa ruhusa ya masomo kwa mtu mmoja kila idara, na wa nyuma yake kwenye zamu alikuwa anahema kisogoni. Maombi yangefungwa Ijumaa, baada ya wiki mbili. Alama zake zilikuwa nzuri, barua za wadhamini zilikuwa tayari. Kilichobaki ni maelezo binafsi, ile barua ambayo mwombaji anajieleza yeye ni nani na kwa nini anataka kusoma anachotaka kusoma, kwa maneno yasiyozidi elfu moja.

Jumamosi mchana alikaa mezani na kompyuta yake, akashika kichwa.

"Unaumwa?" baba yake akauliza.

"Mfamasia mkuu amesoma barua yangu ya mwaka jana."

"Akasemaje?"

"Amesema, 'Nimesoma orodha ya kwenda sokoni. Nimeona vitunguu, nimeona sabuni, ila sijajua unapika nini.'"

Timazi akacheka puani, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Mfamasia mkuu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani ya kamba, anayeogopwa na madaktari. Yeye ndiye bosi wa binti na mmoja wa wadhamini wake.

"Isome niisikie."

"Baba, itakuchosha."

"Kwani nina safari?"

Binti akasoma. Kwamba alihitimu kwa daraja la juu. Kwamba alipata tuzo ya somo la dawa na mwili. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi. Alihudhuria makongamano matatu. Ana vyeti viwili vya kompyuta. Alikimbia mbio za hisani. Alisimamia ghala la dawa kwa miezi sita. Alibuni bahasha zenye picha kwa wagonjwa wasiosoma. Alifundisha wanagenzi. Anajua lugha tatu. Ana ari, ana bidii, anapenda kushirikiana na wenzake.

"Ngoja," Timazi akasema. "Mimi sina karatasi kichwani. Yananimwagika."

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sinia lenye vikorokoro: kijiko, kifuniko cha chupa, kitunguu kimoja, msumari, kibiriti, kipande cha sabuni, na vingine. Alifanya hivyo tangu ujana. Mwenye nyumba akimtajia vyumba, yeye aliweka kokoto chini, hii sebule, hii stoo, na hakusahau hata choo.

"Anza tena. Taja kimoja kimoja."

"Daraja la juu."

Akaweka kijiko.

"Tuzo."

Msumari.

"Mwenyekiti wa chama."

Kifuniko. "Hiki nacho kilikuwa cha kufunika nini?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Endelea."

Walipomaliza, vitu kumi vilikuwa vimejipanga mezani kama wagonjwa kwenye benchi. Timazi akavitazama kwa jicho moja, kama ukuta.

"Haya. Nitoe kwenye kijiko, unifikishe kwenye msumari."

"Nilisoma vizuri, kwa hiyo nikapata tuzo."

"Sawa. Kutoka msumari mpaka kifuniko?"

Binti akakigusa kifuniko. "Hakuna njia. Ilikuwa mwaka uleule tu."

"Kifuniko mpaka kwenye hizi mbio?"

"Baba, watu wote huandika hivi."

"Na watu wote wamekataliwa?"

Hapo akamchoma. Lakini binti alikuwa wa Timazi, ubishi ulikuwa wa kurithi. Akasema hayo mengine tayari yamo kwenye wasifu wake, ule ukurasa wa tarehe na vyeti, na alikuwa ameyarudia ili yasipite bila kuonekana.

"Kama wameshayaona huko, unawaonyesha tena ya nini? Mtu akikuonyesha meno yake mara mbili, utadhani yanauma."

Binti akacheka, akafuta macho. Akaondoa kifuniko. Akaondoa mbio na vyeti vya kompyuta. Kwenye lugha tatu akasita, kisha akaziacha palepale mezani. Wagonjwa wa dirishani kwake walizungumza zote tatu. Timazi alikuwa ameegemea kiti, akimtazama.

"La bahasha," akasema.

"Lina nini?"

"Umelisema mbiombio, kama mtu anayepita karibu na mbwa."

Katika meza ile bahasha zilikuwa kibiriti. Binti akakichukua, akakizungusha vidoleni, akakirudisha. Timazi akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa kifuko chenye kifungo cheupe, akakiweka kando ya kibiriti. Akaenda nje kumwagilia miche yake.

*

Jumapili binti aliandika tangu asubuhi. Aliandika habari za mama yake. Jinsi alivyomfundisha kupanga vifungo kwa rangi kabla hajajua kuhesabu. Jinsi alivyougua moyo, jinsi ambavyo siku moja alianguka kwenye karo la vyombo, akalazwa siku tatu, akarudi nyumbani na kushona vile vifuko viwili. Jinsi alivyoishi miaka mitano zaidi. Jinsi alivyokufa akiwa ameshika mkono wa mumewe. Alimsomea baba yake, na Timazi akageukia dirisha akatazama cherehani mpaka sauti ikaisha.

"Nzuri," akasema.

"Kweli?"

"Ni yeye kabisa."

Jumatatu binti aliipeleka kazini. Jioni alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa chini palepale kama mtoto aliyefukuzwa mchezoni.

"Amelia," akasema.

"Nani?"

"Mfamasia mkuu. Amevua miwani akalia. Halafu ameivaa tena akaniambia, 'Pole sana. Ila hii ni tanzia, na chuo hakidahili marehemu. Wewe uko wapi humu?'"

Timazi akatikisa kichwa. Ilimuuma, lakini akaona mwanamke yule naye ana timazi yake.

"Akasema kuna shimo. Nimeandika, 'Mama alizidiwa na dawa akaanguka.' Ameniuliza alizidiwaje? Mfamasia gani anaandika dawa zimemzidi mtu, halafu anaruka kwenda aya nyingine?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sikumbuki vizuri."

Timazi alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu, kwa mikono miwili.

"Nitarudi kwenye ile orodha," binti akasema. "Nitaipanga vizuri. Hii nyingine siiwezi."

Akaenda chumbani kwake.

*

Jumanne ilikuwa siku ya Timazi ya kuchukua dawa. Alivaa shati lake la kutokea, akapanda gari kwenda hospitali, akakaa kwenye benchi refu la saruji akisubiri namba yake. Mbele yake, nyuma ya kioo, alimwona binti yake akihudumia. Bibi mmoja alipokea bahasha mbili. Moja ilichorwa jua kwa kalamu, ya pili ilichorwa mwezi.

"Haya, Bibi, nieleze wewe sasa," binti akasema. "Ukifika nyumbani utafanyaje?"

"Kwani wewe umesahau?" bibi akasema, na benchi zima likacheka.

"Nimesahau. Nikumbushe."

Bibi akaeleza. Kijua kimoja baada ya uji, kimwezi kimoja kabla ya kulala. Binti akatoa kidonge kimoja akakiweka kwenye kiganja chake.

"Mwezi uliopita vilikuwa vya njano, sivyo? Safari hii ni vyeupe. Kampuni nyingine, dawa ileile. Ukiona rangi imebadilika na mimi sijakuambia, usimeze, rudi hapa uniulize."

Timazi alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi. Siku ile ndipo alipomwona anavyotazama macho ya bibi, hamwachi aende mpaka aseme rangi kwa kinywa chake.

Mfamasia mkuu alipita kwenye korido, akamwona, akaja kukaa kando yake. Benchi likalalamika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Binti yako ana kichwa kigumu. Sijui amekitoa wapi."

"Kwa mama yake," Timazi akasema, na mama yule akacheka mpaka miwani ikashuka kwenye kamba.

"Nataka aende, Mzee. Mimi nitapata shida bila yeye, lakini nataka aende. Ila mwenye kusoma barua ile anamtafuta mtu mwenye swali. Swali analo, namwona nalo kila siku pale dirishani. Kwenye karatasi analizunguka. Kuna mahali hataki kukanyaga, na mimi sipajui."

"Mimi napajua," Timazi akasema.

Mfamasia mkuu akamtazama. Akamgusa bega, akainuka.

*

Jioni ile binti aliporudi alimkuta baba yake amekaa mezani, vitu vyote viko palepale. Katikati alikuwa ameongeza kopo la bati, kopo tupu la zamani la majani ya chai, limeingia kutu pembeni. Binti aliliona akasimama.

"Kaa, Mama."

Akakaa.

"Unalijua hili kopo?"

"Nalijua."

"Unajua lilibeba nini?"

Binti akainamisha kichwa. Timazi akaanza kusema, na alisema kwa urefu ambao hakuwahi kusema tangu siku ya maziko.

Mkewe alikuwa na dawa mbili. Moja, ya moyo, ilikuwa ya waridi; ya pili, ya presha, ilikuwa nyeupe. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo Timazi ndiye aliyempa. Wote wawili hawakusoma. Walizijua kwa rangi. Ya waridi asubuhi tu, nyeupe asubuhi na jioni. Siku moja alileta pakiti mbili kutoka hospitali, akazifungua, zote nyeupe. Akasema moyoni, ya waridi imeondolewa, sasa wametoa nyingi za aina moja. Akazimimina zote kwenye kopo, akatikisa, akafunika. Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Siku nyingine mkewe alimeza ya moyo mara mbili na ya presha asiipate kabisa. Baada ya siku tisa mapigo yalishuka, akaanguka kwenye karo.

"Daktari aliuliza nani alichanganya," Timazi akasema. "Mama yako akaniwahi. Akasema, 'Mimi. Nilizimimina mwenyewe.' Alikuwa hajiwezi hata kuinua kichwa, akasema mimi. Na tulipofika nyumbani hakulitaja tena. Alichukua vitambaa akashona vifuko. Miaka mitano. Hata tukigombana, hakulitaja." Akashusha pumzi. "Sasa unaliruka hilo shimo kwa ajili yangu. Usiliruke. Andika. Mimi ni mzee, aibu yangu haina safari ndefu."

Binti alikuwa analia bila sauti. Akatikisa kichwa.

"Siliruki kwa ajili yako, Baba."

"Ila?"

"Zile pakiti ulizichukua dirisha gani?"

"Kwako. Nani mwingine?"

"Kwangu. Mwaka wangu wa kwanza. Foleni ilifika mlangoni. Nilikuona, nikafurahi, nikakupa, nikakuambia umsalimie Mama. Nilijua ya waridi imekuja nyeupe. Asubuhi ile tulitangaziwa. Nilijua hamsomi. Na sikukuambia."

Timazi akalitazama kopo.

"Ulinipa dawa sahihi," akasema mwishowe. "Jina lilikuwa sahihi, si ndiyo? Mimi ndiye niliyezichanganya."

"Nilikupa dawa sahihi nikakuacha gizani nayo. Mama alipolazwa nilihesabu vilivyobaki kwenye kopo, nikajua yote. Aliposema ni yeye, nilimshukuru. Nilidhani ananifunika mimi."

Wakatazamana. Miaka mitano kila mmoja alikuwa akitembea na mzigo uleule, kila mmoja akidhani ni wake peke yake, na mwanamke aliyeshona vifungo akaenda kaburini na siri za wote wawili bila kumsuta yeyote.

"Mjanja yule," Timazi akasema. "Ameua ndege wawili kwa jiwe moja, na sisi wawili ndio hao ndege."

Binti akacheka huku analia, na Timazi naye, na kwa muda hawakujua wanafanya lipi. Kisha akamsogezea kopo.

"Haya. Nitoe kwenye kopo, unifikishe kwenye kibiriti."

Binti akafuta pua kwa kiganja.

"Baada ya hapo nilianza kuchora jua na mwezi kwenye bahasha. Nikaanza kuwauliza wagonjwa wanieleze wao."

"Kutoka kibiriti?"

"Nikataka kujua ni sisi tu au ni wengi. Nikawauliza wagonjwa arobaini ambao dawa yao ilibadilika rangi. Kumi na mmoja walidhani ni dawa nyingine. Wanne waliacha kumeza."

"Hilo hukulisoma Jumamosi."

"Sikuliandika. Halikuwa na cheti."

Timazi akapiga meza kwa kiganja, vitu vikaruka. "Haya! Halafu?"

"Halafu nikakwama. Arobaini niliwaokota tu kwenye foleni yangu. Sijui kama wanawakilisha wengine. Sijui kupima kama bahasha zenye picha zinasaidia kweli au ninajifurahisha. Hayo yanafundishwa pale chuoni. Kuna mwalimu anayetafiti maandishi ya pakiti za dawa, nimesoma kazi zake mbili."

"Na barua ilisema nini kuhusu usichokijua?"

"Hakuna. Nilisema ninajua kila kitu."

"Mwenye kujua kila kitu anaomba shule ya nini?"

Binti alikuwa ameshafungua kompyuta.

*

Ilimchukua wiki nzima. Aliandika kabla ya kwenda kazini na alipotoka kazini, na jioni alimsomea baba yake, ambaye alikuwa na amri moja tu: akishindwa kuona kitu kinachofuata kinatoka wapi, anainua kidole. Siku ya kwanza kidole kiliinuka mara saba. Tuzo ilirudi, kisha ikatoka tena. Ghala la dawa lilibaki, kwa sababu ndipo alipoona jinsi kampuni zinavyobadilishwa bila dirisha kuambiwa mapema. Wanagenzi walibaki kwa sentensi moja, kwamba sasa naye huwafundisha kumtaka mgonjwa aeleze. Mama yake, aliyekuwa kurasa mbili, akabaki mistari minne. Hapo binti alisita.

"Namkata, Baba. Naona kama namzika mara ya pili."

Timazi akafikiri.

"Yeye mwenyewe alikuwa anakata kitambaa bila huruma," akasema. "Kilichobaki ndicho kilichokuwa gauni."

Ari na bidii zikafutwa. Mfamasia mkuu aliisoma Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, ofisini, mlango umefungwa. Aliirudia toka mwanzo. Kisha akasema, "Sasa nimekuona." Akachukua kalamu, akakata neno moja la mwisho, akamwambia ataje jina la somo lenyewe na la mwalimu yule mahali alipokuwa ameandika "chuo chenu chenye sifa". Kuhusu kopo hakusema lolote, ila alipomfungulia mlango alimshika mkono.

Ijumaa asubuhi, kabla ya zamu, binti alikaa mezani kwa mara ya mwisho. Timazi alikuwa na kikombe chake cha chai.

"Nikusomee yote?"

"Pale pa kopo tu."

Akasoma: "'Mtu aliyempenda mgonjwa huyu kuliko mtu yeyote ndiye aliyempa dawa isivyofaa, kwa mkono wake, kila siku, kwa uangalifu. Hakukosea kwa uzembe. Alifuata rangi, kwa sababu rangi ndiyo maandishi pekee tuliyompa, na sisi tukaibadilisha bila kumwambia. Aliyesimama dirishani siku hiyo nilikuwa mimi. Tangu hapo nimekuwa na swali moja.'"

Timazi alikuwa amenyoosha shingo, jicho moja limefumbwa.

"Rudia pale. Kwa uangalifu."

Akarudia. Timazi akaitikia kwa kichwa mara mbili, akanywa chai, akaangalia cherehani.

"Haya, tuma."

Binti akabonyeza. Akasita. "Inauliza kama nina uhakika."

"Inakuuliza wewe au mimi?"

"Mimi."

"Basi ijibu, utachelewa kazini."

*

Wiki sita baadaye walimwita kwa mahojiano, kwa njia ya kompyuta, saa nne asubuhi. Timazi alitolewa nje, akakaa barazani na mlango umefungwa, akanyonyoa majani ya miche mpaka mmoja ukabaki kipara. Nusu saa. Binti alipotoka alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Wamekuuliza nini? Tuzo?"

"Hawakuigusa. Wote watatu walionihoji ni wale arobaini, wale arobaini. Niliwapataje, niliuliza nini, ningefanyaje tofauti. Mwishoni yule mwalimu akaniambia, 'Nina swali moja lisilo la mtihani. Yule mtu aliyempa mgonjwa dawa, sasa zake anazimezaje?'"

Timazi akaacha mche.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anazimeza vizuri, ila ana ubishi."

Timazi akacheka mpaka akashika ukuta. Jibu la chuo lilikuja mwezi uliofuata, nalo lilikuwa la kumkaribisha. Lakini siku ile barazani hawakulijua bado. Alipomaliza kucheka aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa vifuko viwili, akavipima kiganjani.

"Ungemwambia pia hiki cheusi kifungo kimelegea," akasema. "Ukiondoka, nani atakikaza?"

Binti akavichukua. Akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akafunua kitambaa kwenye cherehani, akafungua ile droo ndogo ya pembeni. Sindano ilikuwa bado na uzi.

"Njoo, Baba," akaita. "Njoo nikufundishe kukikaza mwenyewe."